Mmependana ndani ya kundi moja la marafiki: nani aambiwe, lini, na kwa maneno gani

Marafiki wakigundua kwamba wawili kati yao wamekuwa wapenzi, swali linaloleta shida si "mnapendana kweli?" Ni "tangu lini?" Anayeuliza hatafuti tarehe tu. Kichwani anarudi nyuma na kupanga upya mambo: ile siku mmoja wenu alisema anaumwa na mwingine akasema amebanwa na kazi, ile jioni alipomlalamikia mmoja wenu kuhusu mwingine bila kujua kwamba msikilizaji anakwenda kulala na huyo huyo anayelalamikiwa. Watu wengi husamehe mapenzi upesi. Wasichosamehe upesi ni kugundua kwamba kwa muda fulani walikuwa wakiongea wasijue wanaongea na nani.

Kwa hiyo kila hatua hapa inalenga jambo moja: siku mtakapoulizwa "tangu lini?", muweze kujibu kweli, mbele ya yeyote, bila kutazamana kwanza.

Kuhusu mapenzi yenyewe, msijione mmefanya kioja. Danu Anthony Stinson wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, na wenzake walichapisha mwaka 2021 uchambuzi uliohusisha watu karibu 1,900, na takriban theluthi mbili yao walisema uhusiano wao ulianza na urafiki. Huenda hata katika kundi lenu yupo aliyekwisha kuona dalili kabla yenu.

Kwanza: mkiwa bado mnaviziana, kundi lisijue

Kuna kipindi ambacho hamjawa kitu. Mnachati hadi usiku, mnatafutana macho, lakini hakuna aliyetamka neno. Hapa kosa la kawaida ni kumwendea rafiki wa kundi hilo hilo na kumuuliza, "Unadhani ananipenda?" Unaona ni ushauri, lakini umekwisha kutangaza. Rafiki huyo ataanza kuwaangalia kwa jicho jingine, atawapangia wakae karibu, atacheka mahali pasipo na kichekesho. Wakishajua wanne, mnakuwa mchezo wenye mashabiki, na hata kama mmoja wenu angependa kurudi nyuma kimyakimya, anashindwa kwa sababu ya macho ya watu.

Ukihitaji mtu wa kumweleza, mtafute nje ya kundi kabisa: ndugu, mwenzako wa kazini, rafiki wa zamani asiyewajua hao wengine.

Lipo jambo moja tu linaloweza kuhitaji kusemwa mapema hivi. Ikiwa unayempenda aliwahi kuwa mpenzi wa rafiki yako wa karibu, na kidonda bado kibichi, basi zungumza na rafiki huyo kabla hujaanza chochote. Hapo unaweza kweli kumuuliza anaonaje, na jibu lake likakufaa. Mkishaanza, kuomba ruhusa ni maigizo. Akisema "hapana" utafanya nini? Ruhusa huombwa kabla. Baada ya hapo kilichobaki ni taarifa, na taarifa haiulizi "naomba usikasirike".

Pili: mkishakubaliana, wekeni tarehe

Siku mtakapoambiana wazi kwamba sasa mko pamoja, ongezeni mazungumzo mengine mafupi: tutawaambia lini? Wengi huacha hili hadi "muda ukifika", na muda huo haufiki, kwa kuwa kila wiki inayopita inafanya kusema kuwe kugumu zaidi kuliko wiki iliyotangulia.

Kukaa kimya mwanzoni kunaruhusiwa, na ni busara. Mnahitaji kujua kama hiki ni kitu au ni msisimko wa wiki mbili. Kwa maoni yangu, wiki tatu hadi sita zinatosha kwa kundi linaloonana mara kwa mara. Kama mnakutana kwa nadra, mnaweza kungoja zaidi, kwa sababu hamna mengi ya kuficha.

Lakini msiipime siri kwa utamu wake. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mvuto wa mahusiano ya siri. Katika jaribio moja, watu wasiofahamiana walicheza karata wawili wawili, na baadhi yao wakaelekezwa kugusana miguu chini ya meza bila wachezaji wengine kujua. Hao waliogusana kwa siri ndio waliotoka wakivutiwa zaidi na wenzao. Siri yenyewe hupasha moto. Kwa upande mwingine, Justin Lehmiller alichapisha mwaka 2009 matokeo yanayoonyesha kwamba watu wanaoficha uhusiano wao huwa na mwelekeo wa kujifunga nao kwa udhaifu zaidi. Ukiunganisha hayo mawili, unaona hatari yake: moto mkali mwanzoni, na uzito mwepesi baadaye. Tarehe mliyoipanga inawasaidia kujua mmebaki na nini siri ikishaondoka.

Tarehe hiyo ina sharti moja la kuivunja. Kunyamaza si kudanganya, ila siku mtakapoulizwa ana kwa ana, kunyamaza kumekwisha. Jiandaeni na jibu lisilo uongo: "Kuna jambo kati yetu, bado tunaliangalia. Likiwa na jina utalisikia kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine." Jibu hilo linakubali bila kueleza, na linampa aliyeuliza ahadi. Linganisha na "Sisi? Wewe naye, huyu ni kama kaka yangu!" Sentensi hiyo itarudishwa kwako neno kwa neno. Ukishatoa jibu la kwanza, hesabu siku saba, na katika siku hizo mmalize kazi yote ya kuwaambia.

Jueni pia kwamba mara nyingi siri haivuji mdomoni. Inavuja kwenye tabia. Wawili waliokuwa wakitaniana kila siku kwenye kundi la WhatsApp wanaacha ghafla kujibizana, kwa kuwa maongezi yamehamia pembeni. Au mmoja anaulizwa mwenzake yuko wapi, naye anajibu upesi mno: "Anakuja, anamalizia kuvaa." Mkianza kuona watu wanawauliza nyinyi kwa nyinyi habari zenu, tarehe yenu imewahi kufika.

Tatu: panga foleni kwa kuangalia nani ana cha kupoteza

Kundi si mtu mmoja. Ndani yake wapo ambao habari hii kwao ni furaha tu, na yupo mmoja au wawili ambao inawagusa mahali. Hao ndio wa kwanza, kila mmoja peke yake, kwa sauti na si kwa maandishi. Kawaida ni mpenzi wa zamani wa mmoja wenu, au aliyewahi kukwambia kwamba naye anampenda huyo huyo, au rafiki wa karibu kabisa ambaye atahisi nafasi yake imechukuliwa. Huyu wa mwisho husahauliwa sana. Si mpinzani wako kimapenzi, lakini yeye ndiye aliyekuwa akipigiwa simu kila jioni, na sasa simu zimepungua bila maelezo.

Nani aseme? Watu hudhani aliyekuwa na uhusiano ndiye mwenye wajibu. Mimi naona aseme yule ambaye kamba yake na mhusika bado ni hai. Mkienda wote wawili mmemkalisha kizimbani: hawezi kulia, hawezi kukasirika, atatabasamu tu na kuondoka.

Tuchukue mfano, majina nimeyabuni. Kundi la watu sita. Rehema na Juma wamekuwa wapenzi. Asha, ambaye ni shoga yake Rehema, alikuwa na Juma, wakaachana mwaka mmoja na miezi kadhaa iliyopita, na tangu hapo Asha na Juma husalimiana tu. Kassim anaishi nyumba moja na Juma. Waliobaki ni Tatu na Faraji, ambao hawana lolote la kuumia nalo.

Rehema na Juma walikubaliana kusema baada ya wiki nne. Wiki ya tatu, Kassim akamuuliza Juma moja kwa moja: mbona Rehema amekuja mara tatu wiki hii? Juma akajibu kwamba kuna jambo, na kwamba kuna mtu anayestahili kulisikia kabla yake. Kassim akaelewa mara moja mtu huyo ni nani, na hilo ni kawaida, kwani mtu anayeishi nawe huwa amekwisha kujua nusu. Juma akamwomba anyamaze hadi Jumapili, si "usimwambie mtu" bila mwisho. Siri yenye siku ya kumalizika hubebeka.

Ijumaa jioni Rehema akampigia Asha na kumwomba waonane kesho yake asubuhi, akitaja kwamba ana jambo lake binafsi la kumweleza. Akafika peke yake. Alichosema kilikuwa kifupi: "Mimi na Juma tuko pamoja, yapata wiki tatu sasa. Nimetaka ulisikie kwangu kabla ya mtu yeyote kwenye kundi kuambiwa. Hakikuwepo kitu mlipokuwa pamoja. Sitegemei useme chochote leo."

Tazama kilichomo. Habari yenyewe iko kwenye sentensi ya kwanza, bila utangulizi wa kumtisha. Muda umetajwa kabla ya kuulizwa. Swali ambalo Asha lazima angejiuliza usiku, kama alizungukwa, limejibiwa, na linajibiwa hivyo tu ikiwa ni kweli. Kama si kweli, usiliseme kabisa, maana uongo huo ndio utakaobomoa kila kitu. Hakukuwa na "nilijaribu kujizuia", wala maelezo ya jinsi Juma alivyo mwema. Asha anamjua Juma.

Asha akauliza, "Na Kassim anajua?" Rehema akasema anahisi, ameombwa kusubiri. Jibu hilo lilikuwa muhimu kuliko yote asubuhi ile, kwa sababu jambo linalodhalilisha zaidi ni kuwa wa mwisho. Kisha Rehema akamwambia kwamba wengine wataambiwa kesho jioni, na akamuuliza kama angependa lolote lisitajwe. Asha akataka jina lake lisiingizwe. Hilo ni jambo dogo wanaloweza kumpa, na walimpa.

Nne: kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, zisipite siku mbili

Mtu uliyemwambia kwanza umempa heshima, lakini umempa na mzigo. Kila saa anayoubeba peke yake anajiuliza kama wenzake watamlaumu kwa kujua. Na katika kundi la watu sita habari haikai: mmoja atamwona mwenzake amenuna, atauliza, itatoka vibaya. Ndiyo maana hatua hii ifanyike haraka hata kama zile za mwanzo zilikwenda polepole. Rehema na Juma walimwambia Asha Jumamosi asubuhi na kundi Jumapili jioni.

Je, iwe ana kwa ana au kwenye kundi la WhatsApp? Kama mnakutana karibuni kwa kikao cha kawaida, semeni huko. Msitumie siku ya mtu mwingine, iwe sherehe, msiba au kuagana, kwani mtamwibia siku yake. Kama hakuna kikao karibu, ujumbe unatosha, na kwa kweli una faida moja: kila mtu anaupokea wakati uleule, na kila mmoja anapata faragha ya kukunja uso kabla ya kujibu.

Wao waliandika hivi, Juma akituma:

"Jamani, mimi na Rehema tuko pamoja, yapata wiki tatu sasa. Tumetaka mjue kutoka kwetu. Vikao vyetu vinabaki vilevile, na mtu akiwa na la kuuliza aniulize mimi au Rehema pembeni."

Rehema akaongeza mstari mmoja chini yake, wa kawaida, ili isionekane ametangazwa na mwanaume kama mali. Usiweke picha ya pamoja, usisimulie ilivyoanza, usiulize "mnaonaje?" Ukiuliza, umewapa kura, na mmoja atapiga ya hapana. Picha kwenye status nazo zisubiri wiki moja hivi. Ujumbe huu ni wa watu wanne, status ni ya dunia nzima, na aliyeumia hatakiwi kuvipokea vyote siku moja.

Watakaojibu kwa vicheko na "tulijua!" waache wafurahi. Asiyejibu usimfuate usiku huo.

Tano: wanachokiogopa hasa ni siri zao

Hapa ndipo miongozo mingi huishia, na ndipo kazi inapoanza. Baada ya vicheko, kila rafiki hujiuliza swali ambalo hatalitamka: yale niliyomwambia Rehema kuhusu kazi yangu, kuhusu ugonjwa wangu, kuhusu Juma mwenyewe, sasa yako wapi?

Kubalianeni mapema kwamba siri ya rafiki haivuki mto kwa sababu mmelala kitanda kimoja. Alilokwambia Faraji mwaka jana ni la Faraji. Kisha mwambieni kila mmoja wazi, msitegemee akisie. Rehema alimwambia Tatu: "Uliyoniambia yamebaki kwangu. Na ukitaka kuendelea kunieleza mambo, sitampelekea Juma. Nisiloweza kumficha nitakwambia kabla hujalisema." Sentensi ya mwisho ni ya uaminifu. Yapo mambo ambayo mpenzi hawezi kufichwa, kwa mfano rafiki akitaka kukueleza jambo baya dhidi yake, na ni vyema mzungumzaji ajue mpaka uko wapi kabla hajafungua mdomo.

Utajua mmevuja pale rafiki mmoja atakapoanza kukwambia "habari nzuri tu", au Juma atakapotania jambo ambalo Tatu alimwambia Rehema pekee. Mara moja inatosha. Ikitokea, aliyevujisha aende mwenyewe kwa mwenye siri.

Jambo la pili ambalo kundi hulichoka ni kura mbili kuwa sauti moja. Mkipanga mahali pa kwenda, nanyi mmekwisha kukubaliana nyumbani, watu wanne waliobaki wanahisi wamefika kwenye uamuzi uliopita. Kila mmoja ajibu kwa simu yake na kwa maoni yake, hata pale mnapotofautiana. Mwaliko mmoja usimaanishe watu wawili. Na yule rafiki wa karibu aliyepungukiwa na simu za jioni, mpangie muda wake bila mwenzi wako, mapema, kabla hajalazimika kuomba.

Vikao viwili au vitatu vya mwanzo msikae mmegandana. Fikeni pamoja, kisha tawanyikeni. Mkigombana, ugomvi ukae nyumbani. Rafiki akishaitwa kuamua baina yenu, hana jibu lisilomgharimu.

Asha hakuja vikao viwili vya kwanza. Rehema alimtumia salamu moja tu, isiyotaka majibu, akaacha. Kikao cha tatu Asha alikuja, akakaa upande wa Kassim, akaondoka mapema. Huo si ushindi wala hasara, ni mwendo wa kawaida wa mtu anayezoea. Kumkumbatia kwa nguvu na kumuuliza "tuko sawa?" mbele ya watu kungemrudisha nyumbani kwa mwezi mwingine. Iwapo baada ya miezi kadhaa bado haji, kubalini kwamba kundi limebadilika sura, na wale wengine wawe huru kuonana naye bila nyinyi.

Pasipofaa kusema

Ratiba hii yote inadhani kwamba kusema hakumletei mtu madhara. Ikiwa ndani ya kundi yupo anayepeleka habari kwa familia itakayomfukuza au kumpiga mmoja wenu, au kuna mpenzi wa zamani aliyewahi kutisha au kufuatilia watu, usalama unatangulia. Waambieni wale tu mnaowaamini, na hao wengine mkae nao kwa umbali. Na ikiwa mwenzako ndiye anayetaka siri isiyo na tarehe, miezi inapita na kila mara anatoa sababu mpya, muulize anamficha nani. Mara nyingine jibu ni kwamba yupo mwingine, na wakati mwingine huyo mwingine yumo humo humo kundini.

Mkiachana

Hili lizungumzeni mkiwa bado mnapendana, dakika kumi tu. Kubalianeni kwamba mtatunga sentensi moja, nyote mtaisema hiyo hiyo: "Tumeachana, hatutaki mtu achague upande, na sababu ni zetu." Aliyeuliza zaidi arudishiwe sentensi ileile. Kwa wiki chache mpeane zamu, huyu kikao hiki, yule kingine, mkipanga wenyewe kwa wenyewe ili mwenyeji asilazimike kuamua amwalike nani. Msijitoe kwenye kundi la WhatsApp usiku wa kuachana. Zima sauti ya arifa tu, maana wasimamizi wa kundi huarifiwa kwamba fulani ameondoka, wengine nao wanaweza kuliona jina lake kati ya walioondoka, na kila mmoja atalijazia maelezo yake.

Na yule atakayepata mpenzi mpya kwanza, akiwa wa nje au wa ndani ya kundi, amwambie mwenzake wa zamani kabla ya kumleta kikaoni. Foleni ni ileile, ila safari hii mwenye cha kupoteza ni mmoja wenu.